Umekutana na mtu, mnasalimiana, na jina lake limekutoka kabisa. Unajiokoaje?

Mweka_Hazina_Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nina aibu ya tangu Jumamosi na bado haijanitoka.

Nilikuwa kwenye harusi Tabata. Nimeshuka tu kwenye gari, jamaa mmoja ananijia mikono wazi: "Mweka hazinaaa!" Sura naijua kabisa. Mwaka jana tulikuwa naye kamati moja ya harusi, vikao vya kila Jumapili Sinza kwa miezi minne, na mimi ndiye niliyekuwa nakusanya michango. Najua ana mzaha, najua hanywi bia, najua alilipa ahadi yake kwa awamu tatu. Jina sasa! Hakuna kitu.

Nikaingia kwenye salamu. Habari za siku, za nyumbani, watoto hawajambo, kazi zinaendaje, mvua za huko kwenu. Mkono wangu anao, hauachii. Salamu zetu zilivyo ndefu nilijua jina litakuja tu njiani. Kilichokuja ni mke wangu.

Nikasema, "Mama, huyu ni ndugu yangu, tulikuwa naye kwenye ile kamati." Mke wangu, kwa heshima zake zote, akamgeukia: "Karibu shemeji. Samahani, unaitwa nani vile?" Jamaa akaniangalia, akatabasamu, akasema, "Muulize mumeo."

Nikabahatisha. Nilihisi ni jina la kule Upareni linaloanza na Eli. Nikasema, "Huyu Elibariki bwana, humjui Elibariki?"

Anaitwa Elisante.

Mkono ukaachiwa. Nimeketi meza moja na mwenzake hadi saa sita usiku na hakunisogelea tena. Nataka kujua, ninyi mngetokaje pale? Na sasa nifanyeje?

---

Kinyozi_wa_Buguruni

Nimecheka hadi mteja kaniuliza kuna nini. Mkuu, "Muulize mumeo" hiyo ni kadi nyekundu.

Hili ni rahisi sana. Mwambie, "Kaka nimebadilisha simu, namba zote zimepotea, hebu niandikie namba yako." Unampa simu aandike mwenyewe, namba na jina. Kazi imekwisha.

---

Dada_wa_Mapokezi

@Kinyozi_wa_Buguruni mimi hiyo niliifanya. Akaandika namba, kwenye jina akaandika "Shem". Ninaye Shem kwenye simu hadi leo, ananipigia kila Idi na simjui.

---

Kinyozi_wa_Buguruni

Basi una njia ya pili. Mtumie buku ya soda kwa simu. Kabla hujathibitisha muamala jina linatokea lote, la kwanza hadi la ukoo. Mimi hiyo imeniokoa mara nyingi sana.

---

Mtoto_wa_Kigogo

Ikiwa laini ni yake. Mimi nilimwita mzee wa watu Zuhura wiki nzima kwenye meseji za kundi. Laini ilisajiliwa na dada yake.

---

Jirani_Mwema77

Poleni. Hata mimi naomba msaada, nina bibi yangu ana miaka 81, anasahau majina ya watu. Juzi kanisahau mimi niliyelala kwake, na wiki iliyopita alipotea akitoka msikitini, njia aliyopita miaka 40. Mnamshauri atumie nini, asali au habasoda?

---

Ticha_Kondoa

@Jirani_Mwema77 la bibi yako si la uzi huu, ndugu yangu. Anayesahau jina la mtu wa kamati ya mwaka jana ni mzima. Anayemsahau mjukuu anayelala naye na njia ya nyumbani apelekwe hospitali aonwe na daktari, tena msikae. Asali isiwe sababu ya kuchelewa.

Sasa mleta uzi. Nimefundisha saikolojia chuo cha ualimu miaka kadhaa kabla sijastaafu, na habari yako imenigusa kwa sababu imekaa kama mfano wa darasani. Naomba nikuulize kwanza: kikao cha kwanza cha kamati, mlipojitambulisha kwa kuzunguka, huyo Elisante alikaa wapi?

---

Mweka_Hazina_Mstaafu

Ticha umenishtua. Alikaa kushoto kwangu. Alijitambulisha yeye, halafu mimi.

---

Ticha_Kondoa

Nilijua. Basi jina lake hukulisahau, hukulisikia. Mtu anayesubiri zamu yake ya kusema huwa hasikii anachosema aliyemtangulia, kwa sababu kichwani anapanga yake: niseme nafanya kazi wapi, niseme upande wa bibi au wa bwana. Jambo hili limepimwa tangu miaka ya 1970 na matokeo ni yale yale. Maneno ya jirani aliyetangulia ndiyo yanayopotea zaidi. Baada ya hapo miezi minne yote ulimwita nani?

---

Mweka_Hazina_Mstaafu

"Mjumbe". Wote tulikuwa wajumbe.

---

Ticha_Kondoa

Umeona? Cheo kimekusitiri miezi minne, kikakuacha uchi Tabata.

Mengine uliyakumbuka, mzaha, bia, awamu tatu, kwa sababu yana pa kushikia. Mwaka 1987 Waingereza walifanya jaribio zuri. Unaonyeshwa sura, unaambiwa huyu kazi yake ni fulani. Mwingine anaonyeshwa sura, anaambiwa huyu anaitwa jina ambalo ni neno lile lile la kazi. Kwetu ingekuwa kama huyu ni fundi, na yule anaitwa Fundi. Neno ni moja, lakini watu walikumbuka kazi kuliko jina. Ukisikia "fundi" unaona msumeno, unaona ahadi ya kesho njoo kesho kutwa. Ukisikia "anaitwa Fundi" huoni kitu.

Halafu ukafanya kosa la pili, ambalo karibu kila mtu hulifanya. Ulipogundua jina halipo, ukaanza kulivuta kimoyomoyo huku unasalimia. Ilikuwa muda gani mpaka mkeo akafika?

---

Mweka_Hazina_Mstaafu

Dakika mbili, pengine tatu. Niliuliza hadi mvua.

---

Ticha_Kondoa

Wakanada wa chuo cha McMaster walichapisha jaribio mwaka 2008. Waliwauliza watu maneno magumu. Aliyesema "nalijua, liko hapa ulimini" akaachwa ahangaike, mmoja sekunde 10, mwingine 30, kisha akaambiwa jibu. Baada ya siku mbili wakaulizwa tena. Walioachwa muda mrefu zaidi ndio waliokwama tena zaidi kwa maneno yale yale. Yaani unapohangaika, akili inajifunza ile njia ya kukwama. Hayo yalikuwa maneno, si majina ya watu, lakini kwa ninavyowajua wanafunzi wangu sioni kwa nini majina yawe tofauti.

Na wewe ulikuwa na "Eli" mkononi. Elibariki lilikaa mlangoni likamzuia Elisante asiingie. Kila ukivuta linakuja lile lile. Ukihisi jina moja linarudi rudi na moyo unakwambia silo, hapo acha kuvuta. Uliza.

---

Dada_wa_Mapokezi

Ticha, kuuliza ndiyo kazi yenyewe. Unamuulizaje mtu aliyekujia mikono wazi? Nitawaambia ninavyofanya, maana niko mapokezi ya hoteli mwaka wa tisa na watu wanaorudi wanataka uwajue.

Siachi salamu iende mbali. Nikishamwitikia mara ya kwanza tu, namwambia: "Nakukumbuka vizuri, ulikaa vyumba vya nyuma na ulikuwa unaomba chai ya tangawizi. Jina ndilo limenitoka, nikumbushe." Basi. Mtu anachokiogopa si jina, anaogopa kwamba kwangu hakuwa kitu. Ukimtajia tangawizi yake anajua alikuwa kitu. Jina anakupa huku anacheka.

Lakini kumbukumbu iwe ya kweli. Kuna mwenzangu alijaribu, "Nakukumbuka, ulikuja na familia." Yule baba alikuwa hajawahi kuleta familia pale, na aliyekuja naye safari hiyo ndiye familia. Sitaki kuendelea.

---

Mtoto_wa_Kigogo

😂😂😂 Dada endelea.

---

Dada_wa_Mapokezi

Siendelei.

Nyongeza ni hii. Akishakutajia, rudisha jina palepale kwenye sentensi: "Enhe, Elisante! Karibu sana." Na taja lako bila kuombwa. Mara nyingi na yeye halijui, anakushukuru kimoyomoyo. Usijieleze sana. Ukianza "jamani mimi nina kichwa kibovu, nisamehe, hata mama yangu ananiambia", sasa mtu wa watu inabidi akubembeleze wewe.

---

Bi_Mkubwa_wa_Shangani

Mimi nawasoma tu na nastaajabu. Hayo ya "nikumbushe jina" mwayafanya wenyewe kwa wenyewe, vijana. Huku kwetu Unguja mtu mzima humuulizi jina lake hivyo, utaonekana hukulelewa. Wala jina lenyewe halina kazi. Shikamoo, marahaba, mwanangu hujambo, sijambo bibi. Watu wameishi na majirani miaka 30 wakiitana Mama Salma na Baba Ali, na wamezikana.

---

Ticha_Kondoa

Bi Mkubwa, marahaba zako nazipokea, ila hapo kwenye kutambulisha mtu wa tatu ndipo Mama Salma hatoshi. Mleta uzi hakuanguka kwenye salamu, aliangukia kwenye kutambulisha.

---

Bi_Mkubwa_wa_Shangani

Basi nikupeni ya wazee. Ukimkuta mtu mzima anakujua nawe humjui, msalimie kwa adabu zote, kisha mwambie: "Nikirudi nyumbani nimwambie baba nani kamsalimia?" Hapo anakupa jina, la baba yake na mtaa juu. Hukumuuliza yeye ni nani. Umeomba salamu. Na salamu uipeleke kweli, si uiachie njiani.

---

Dada_wa_Mapokezi

Bibi hii naichukua leo leo.

---

Mtoto_wa_Kigogo

Ni nzuri, lakini lazima awe anawajua kwenu. Nilimwambia hivyo mzee mmoja stendi ya Morogoro, akanijibu, "Baba yako namjulia wapi? Mimi nilikuuzia baiskeli."

---

Fundi_Geji

Kuna njia ya zamani hakuna aliyeitaja. Unamuuliza, "Hivi unaitwa nani vile?" Akisema "Juma", unamwambia, "Juma najua bwana, nauliza jina la pili." Akianza na la ukoo, unasema la ukoo najua, nauliza la kwanza. Hukosi kotekote.

---

Kinyozi_wa_Buguruni

Hii kila mtu anaijua siku hizi, Fundi. Utaulizwa jina la pili unalitakia nini, unaniandikisha kura?

---

Fundi_Geji

Imenifanyia kazi mwaka jana.

---

Kinyozi_wa_Buguruni

Alikuhurumia.

---

Mama_wa_Kitenge

Wanangu, mimi nina neno jingine, na si la kuchekesha. Hii tabia yetu ya kujifanya tunakumbuka ndiyo matapeli wanayolia chakula.

Mwezi wa pili niko dukani kwangu, kijana ananijia, "Shikamoo mama! Umenisahau? Mimi mwanao wa kule kule bwana!" Nami kwa aibu nikasema, "Eee mwanangu, nakukumbuka, umekuwa!" Nimekuwa muongo tayari. Akaniuliza, "Haya, mimi nani?" Nikabahatisha, "Si wewe ni wa Mama Pili?" Ahaa, akasema, ndiye mimi. Jina nimempa mwenyewe! Kuanzia hapo akaanza kulia, Mama Pili amelazwa, anahitaji dawa, hela zimepungua. Nikatoa elfu arobaini. Jioni nampigia Mama Pili pole, yuko kwake anakaanga samaki.

Tangu siku hiyo mtu akiniambia "umenisahau?" namwambia, "Ndiyo mwanangu, nimekusahau. Wewe ni nani?" Wa kweli anasema yeye ni nani. Tapeli anang'ang'ania, "Hebu otea."

---

Ticha_Kondoa

Mama, hii ingetosha kuwa uzi wake. Kipimo chako ni kizuri: anayetaka umkumbuke anakupa kitu cha kukusaidia, tulikutana wapi, nani alitukutanisha. Anayekataa kutoa chochote, shikilia pochi.

---

Kimya_Kingi

Sijawahi kuandika humu, nasoma tu. Mimi tatizo langu ni kinyume. Majina nayajua yote, sura ndiyo siishiki. Mtu akivua kofia au akisuka nywele upya kwangu ni mgeni. Nimempita dada yangu wa damu Kariakoo akaninunia siku mbili. Namtambua mtu kwa sauti, kwa mwendo, kwa mkoba. Sasa hiyo ya kusema "nakukumbuka vizuri" kwangu ni uongo. Mimi nifanye nini?

---

Dada_wa_Mapokezi

Pole. Kwetu kuna mgeni wa hivyo. Yeye husema mapema, "Mimi nyuso huwa zinanipotea, ukiniona niite kwa sauti na uniambie wewe ni nani." Sisi wote tumezoea, tunamwambia "ni mimi wa mapokezi" kabla hajahangaika. Lakini hao ni watu wanaomwona kila mara. Barabarani sijui anafanyaje.

---

Ticha_Kondoa

Iko kweli hali hiyo na wengine huzaliwa nayo. Si uvivu wala dharau. Kuwaambia watu wa karibu ni jambo la maana, na dada yako aanze kuambiwa yeye.

---

Mweka_Hazina_Mstaafu

Wakuu nimewasoma wote. Sasa rudini kwangu. Nimeshachelewa, nimeshabahatisha, nimeshakosea mbele ya mke wangu. Nafanyaje?

---

Ticha_Kondoa

Kwanza turudie pale ungetoka wapi, maana utakwama tena. Mkono ameushika, umeshindwa mara moja. Hapo hapo: "Mjumbe wa awamu tatu! Tumekaa Sinza miezi minne na jina lako limenitoka sasa hivi." Sekunde tano. Yeye anasema Elisante, wewe unasema, "Elisante! Mimi ni fulani." Mkeo akifika unalo: "Mama, huyu ndiye Elisante." Hapo ushalitumia mara mbili. Ukiketi mezani jiulize kimya, yule nani? Ukiagana naye litaje tena. Kesho asubuhi ukipiga mswaki jiulize tena. Siri ni kuongeza nafasi katikati, dakika, kisha saa, kisha siku. Kulirudia mara kumi papo hapo hakusaidii sana, maana unaimba tu bila kulitafuta.

Na lishikize. Elisante ni Mungu asante. Mtu aliyemaliza ahadi ya awamu tatu, mweka hazina akasema Mungu asante. Hulisahau tena hadi kaburini.

Mkeo akikuwahi kabla hujauliza, mtaje mkeo peke yake. "Huyu ndiye mke wangu, Fulani," kisha nyamaza. Watu wengi hujitambulisha wenyewe wakipewa jina la upande wa pili.

---

Bi_Mkubwa_wa_Shangani

Na mke naye ajue. Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa na ishara. Nikiona hajanitajia jina la mtu baada ya salamu, najua hana, naingia mwenyewe: "Mimi mkewe, na wewe bwana?" Mkeo aliuliza vizuri kabisa, ila yule bwana ndiye alikuwa na ubishi. Mwenye adabu angesema jina lake, yakaisha.

---

Mtoto_wa_Kigogo

Naunga mkono. Elisante naye alikuwa na lake. Pengine michango ile ulimdai mbele za watu.

---

Mweka_Hazina_Mstaafu

Nilimdai kwenye kundi la Wasapu. Mara moja tu. Mara mbili.

---

Kinyozi_wa_Buguruni

Ahaa! Mwisho wa uchunguzi.

---

Dada_wa_Mapokezi

Mpigie, usiandike. Fupi. "Elisante, Jumamosi nilikuita jina la mtu mwingine, nimekosa, nisamehe." Usiseme ulikuwa umechoka, usiseme mmefanana. Halafu uliza habari nyingine, mwache apumue.

---

Mama_wa_Kitenge

Mimi ningeacha. Ukipiga simu siku ya nne kwa ajili ya jina unalifanya kubwa. Mkikutana tena mwite Elisante kwa sauti kabla hajakufikia. Atasikia mwenyewe.

---

Dada_wa_Mapokezi

Mama, angekuwa mteja tu ningekubali. Huyu alimjia mikono wazi.

---

Mweka_Hazina_Mstaafu

Mrejesho, wakuu.

Nimepiga mara mbili hajapokea. Nikaandika meseji kama Dada alivyosema, neno kwa neno. Baada ya saa nzima amejibu: "Sawa mweka hazina. Haina shida."

Sasa nashindwa kuelewa. "Mweka hazina" hapa ni utani wa zamani, au bado kanuna, au naye jina langu halijui?

---

Ticha_Kondoa

Kikao cha kwanza, wewe ulijitambulisha baada yake. Yeye alikuwa ameshamaliza zamu yake, anajiuliza amesema vizuri au vibaya. Huenda na yeye hakukusikia. Sitaapa.

---

Kinyozi_wa_Buguruni

Kanuna.

---

Mweka_Hazina_Mstaafu

Jumapili kuna kipaimara Kimara na wote tumealikwa. Nimeambiwa anakuja na mkewe, ambaye alikuja vikaoni kama mara mbili hivi, anapika pilau nzuri sana, ana kicheko kikubwa.

---

Dada_wa_Mapokezi

Anaitwa nani?

---

Mweka_Hazina_Mstaafu

Mama Neema. Au Naomi. Ngoja nimuulize mke wangu.